Fomu Isiyofuta Kazi ya Mjazaji

Kila msimu wa maombi ya vyuo, steshenari za miji yetu hujaa vijana wanaojaza fomu za usajili kwenye kompyuta. Fomu moja huwa na visanduku ishirini au zaidi: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, simu, barua pepe, shule aliyosoma, namba ya mtihani, mkoa, wilaya, kata. Kijana anajaza vyote na kubonyeza "Sajili". Ukurasa unafunguka upya, na juu kabisa pana maneno mekundu: "Kuna kosa. Tafadhali jaribu tena." Visanduku vyote vimebaki vitupu. Hajaambiwa kosa liko wapi, na kila alichoandika kimepotea.

Wengi hudhani intaneti ilikatika au kompyuta ni mbovu. Sivyo. Alichoandika kilifika salama kabisa kwenye seva ya chuo. Kama kisingefika, seva isingejua kwamba kuna kosa. Ilipokea visanduku vyote ishirini, ikavisoma, ikaona kimoja hakiko sawa, kisha ikatuma ukurasa mpya mtupu. Ni sawa na karani anayeona umekosea mstari mmoja, akaichana fomu nzima na kukupa nyingine bila kukuonyesha mstari wenyewe. Tofauti ni kwamba karani huyu wa kompyuta ameandikwa na mtu, na mtu huyo angeweza kumwandika vingine kwa kazi ya saa chache.

Tuone kinachotokea ndani. Kivinjari, yaani programu unayofungulia kurasa kama vile Chrome au Firefox, kinapotuma fomu, hufunga kila kisanduku pamoja na jina lake: hiki ni `jina`, hiki ni `simu`, hiki ni `nida`. Furushi hilo likishaondoka, kivinjari hungoja jibu, na jibu ni ukurasa mwingine kabisa. Ukurasa huo hauna kumbukumbu ya ule uliotangulia. Vitakavyoonekana kwenye visanduku vyake ni vile tu ambavyo seva imeviandika humo. Kwa hiyo mwandishi wa programu asipoiambia seva "rudisha alichoandika", fomu itarudi tupu. Hakuna aliyekusudia kumtesa kijana. Kuna mstari mmoja tu ambao haukuandikwa, na haukuandikwa kwa sababu aliyeitengeneza fomu aliijaribu kwa kuijaza sawasawa tu. Hakuwahi kukosea makusudi ili aone kinachofuata.

Fomu iliyotengenezwa vizuri hurudi na mambo mawili: alichoandika mjazaji, na ujumbe wa kosa uliokaa chini au kando ya kisanduku kinachohusika. Tuseme mwombaji ameandika namba ya simu na kuruka tarakimu moja. Sehemu hiyo ya ukurasa inatakiwa irudi hivi:

```html
<label for="simu">Namba ya simu</label>
<input id="simu" name="simu" type="tel" value="0712 34567"
       aria-invalid="true" aria-describedby="simu-kosa">
<p id="simu-kosa">Namba hii ina tarakimu 9. Namba ya simu
inayoanza na 0 huwa na tarakimu 10.</p>
```

Neno `value` ndilo linalorudisha alichoandika, pamoja na kosa lake. Jambo hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa wapo waandishi wa programu wanaorudisha visanduku sahihi na kukifuta kile chenye kosa, wakiamini wanamsaidia mtu aanze upya. Mtu hawezi kurekebisha asichokiona. Akiona `0712 34567` ameandikiwa kuwa tarakimu ni 9, atahesabu, ataona aliporuka, ataongeza moja. Akikikuta kisanduku kitupu, ataandika tena vilevile alivyoandika mwanzo, na huenda akaruka palepale.

Maneno mawili yanayoanza na `aria` yamewekwa kwa ajili ya wasioona, wanaotumia programu za kusoma skrini kwa sauti kama TalkBack kwenye simu au NVDA kwenye kompyuta. Bila hayo, programu inapofika kwenye kisanduku husoma tu "Namba ya simu", na msikilizaji hajui kwamba chini yake kuna ujumbe. Yakiwapo, husikia kwamba kilichoandikwa si sahihi, kisha ujumbe wenyewe. Ndiyo maana pia haitoshi kukizungushia kisanduku rangi nyekundu peke yake: asiyeona haioni, na asiyetofautisha nyekundu na kijani haimwambii kitu. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikiwa na wote, unaojulikana kwa herufi WCAG, umeweka katika ngazi yake ya chini kabisa sharti kwamba kosa litambulishwe na lielezwe kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye majina yetu, maana hapa fomu nyingi zinazotumika Afrika Mashariki hushindwa kwa namna ambayo aliyezitengeneza hata haioni. Chukua jina la ukoo kama Ng'wandu la Usukumani, Ndung'u la Wakikuyu au Nyong'o la Wajaluo. Yote yana ritifaa. Kosa la kwanza ni fomu kulikataa jina kwa ujumbe "Jina liwe na herufi tu". Aliyeandika kanuni hiyo aliruhusu A mpaka Z na kuishia hapo, na mwenye jina analazimika kujiandika Ngwandu, jina lisilofanana na lililo kwenye kitambulisho chake. Baadaye, majina yanapolinganishwa na cheti, huyohuyo ndiye anayeulizwa kwa nini yanatofautiana.

Kosa la pili limejificha zaidi, na huzaliwa wakati mwandishi wa programu anapojaribu kutenda wema wa kurudisha alichoandika mtu. Tazama mstari huu uliorudishwa na seva:

```html
<input name="jina" value='Ng'wandu'>
```

Aliyeuandika amefungia jina ndani ya alama ileile inayotumika kama ritifaa. Kivinjari kinasoma kuanzia alama ya kwanza hadi kinapokutana na inayofuata, kinaamini jina limekwisha. Kwenye skrini mwombaji anaona "Ng" peke yake. Ikiwa kosa lilikuwa kwenye namba ya simu, atarekebisha simu, hataangalia tena jina kwa sababu hakuambiwa lina kosa, na atasajiliwa kwa jina la Ng. Fomu haikufuta kila kitu. Imefuta nusu ya jina kimyakimya, na hilo ni baya zaidi.

Dawa yake ni kwamba kila kinachorudishwa kwenye ukurasa kipitishwe kwanza kwenye kazi inayogeuza alama hatari kuwa maandishi ya kawaida. Katika lugha ya PHP, iliyojenga tovuti nyingi sana, mstari unakuwa hivi:

```php
<input name="jina"
       value="<?= htmlspecialchars($jina, ENT_QUOTES) ?>">
```

Dawa hiyo inatibu ugonjwa mwingine pia. Mwovu akiweza kuandika ndani ya kisanduku vipande vya programu, na seva ikavirudisha bila kuvipitisha hapo, vitaendeshwa ndani ya kivinjari cha atakayeufungua ukurasa huo. Kwa sababu hiyo, kurudisha alichoandika mtu na kukisafisha wakati wa kukirudisha ni kazi moja isiyotenganishwa. Mifumo ya kisasa ya kutengenezea tovuti huifanya yenyewe kwa kiasi kikubwa. Django hurudisha fomu ikiwa na majibu na makosa yake karibu bila kuombwa. Laravel huhifadhi majibu kwa muda, lakini mwandishi hana budi kuandika `old('jina')` kwenye kila kisanduku. Akikisahau kimoja, hicho ndicho kitakachorudi kitupu.

Na visahaulifu vinajulikana. Orodha ya kuchagua mkoa na vile vitufe vya "Mume" na "Mke" havirudishwi kwa `value`. Chaguo lenyewe lazima litiwe alama ya `selected` au `checked`. Kwa hiyo utakuta fomu imerudisha majina na simu, lakini mkoa umerudi kwenye wa kwanza katika orodha, ambao kwa mpangilio wa alfabeti ni Arusha. Mtu wa Mtwara anarekebisha barua pepe yake, anatuma, na rekodi inasema anatoka Arusha.

Vipo viwili ambavyo havitakiwi au haviwezi kurudi. Nywila hairudishwi, kwa kuwa kuiandika ndani ya ukurasa ni kuiacha wazi kwenye kompyuta ambayo pengine ni ya steshenari. Picha au faili la cheti nalo haliwezi kurudishwa: vivinjari haviruhusu ukurasa kujichagulia faili kwenye kompyuta ya mtu, na katazo hilo ni la usalama wake. Hapo fomu nzuri huihifadhi picha kwa muda kwenye seva na kuandika "Picha yako imepokelewa", ili mtu asitumie bando kuipakia mara ya pili. Kwa nywila, ujumbe useme tu kwamba iandikwe tena. Mtu akielezwa hatashangaa. Asipoelezwa ataibonyeza "Sajili", na kosa jipya litatokea mahali alipokuwa amekwisha kujaza.

Sasa namba ya NIDA, ambayo inafaa kufuatwa hatua kwa hatua. Namba hiyo ina tarakimu 20, na huandikwa kwa mafungu manne yaliyotenganishwa na vistari: 8, kisha 5, kisha 5, kisha 2. Fungu la kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia. Mwandishi wa programu anasikia "tarakimu 20" na anaweka kikomo cha herufi 20 kwenye kisanduku kwa kutumia `maxlength="20"`. Inaonekana ni busara. Mwombaji anainakili namba yake kutoka kwenye ujumbe aliouhifadhi kwenye simu, ikiwa na vistari vyake, na kuibandika. Tarakimu 20 na vistari 3 ni herufi 23. Kivinjari kinakata tatu za mwisho bila kusema neno. Kilichobaki ni mafungu matatu ya kwanza yakiwa kamili, yaani 8 na 5 na 5 na vistari viwili kati yake, jumla herufi 20 kamili.

Mwombaji akitazama anaona namba yake inaanza vizuri na imejaa kisanduku kizima. Anatuma. Seva inaondoa vistari, inapata tarakimu 18, inajibu: "Namba ya NIDA si sahihi." Anaibandika tena, inakatwa tena. Anaweza kurudia mpaka muda aliolipia uishe, maana kila atakapolinganisha na kitambulisho, vinavyoonekana vinafanana. Hata fomu inayorudisha majibu yote haimwokoi, kwa kuwa aliyeharibu jibu ni kisanduku chenyewe kabla halijatumwa.

Tiba ina sehemu mbili. Kwanza, kikomo kiondolewe au kipanuliwe, na seva iondoe yenyewe vistari na nafasi kabla ya kuhesabu. Kompyuta inaifanya kazi hiyo mara moja. Hakuna sababu ya kumwagiza binadamu "usiweke vistari". Namba za simu zifanyiwe vivyo hivyo: mtu akiandika 07, au 2557, au +2557, pawe na nafasi au pasiwepo, yote ni simu ileile, na seva inaweza kuigeuza iwe ya namna moja. Nimeona fomu zinazoikataa alama ya kujumlisha mbele ya 255, ilhali ndivyo simu zenyewe zinavyohifadhi namba. Pili, pale ambapo kweli kuna upungufu, ujumbe utaje kilichohesabiwa: "Tumepata tarakimu 18, namba ya NIDA ina 20. Angalia tarakimu 2 za mwisho." Ujumbe huo unammaliza mtu shida yake kwa sekunde chache. Maneno "si sahihi" yanamwachia ubashiri.

Hadi hapa tumezungumzia seva. Lakini ukaguzi unaweza pia kufanyika ndani ya kivinjari kabla fomu haijatumwa, na hapo hakuna kinachofutika kwa kuwa ukurasa haujaondoka. Swali gumu ni wakati: mtu aambiwe lini kwamba amekosea? Mwaka 2009 mbunifu wa Kimarekani Luke Wroblewski alichapisha matokeo ya jaribio la fomu ya usajili lililofanywa na watu 22. Waliopewa ujumbe papo hapo kando ya kisanduku walifanya makosa pungufu kwa asilimia 22 na kumaliza kwa muda pungufu kwa asilimia 42 kuliko walioelezwa baada ya kutuma. Watu 22 ni wachache, na nisingependa mtu azichukue asilimia hizo kama sheria. Lakini jaribio hilohilo lilionyesha jambo ambalo kila aliyejaza fomu atalitambua: watu walikereka pale ujumbe wa kosa ulipowatokea kabla hawajamaliza kuandika. Unaandika herufi ya kwanza ya barua pepe, tayari umeandikiwa kwa rangi nyekundu kuwa barua pepe yako haifai. Bila shaka haifai. Ina herufi moja.

Utaratibu unaofaa ni kungoja mtu aandike na kuhama kwenda kisanduku kingine, ndipo kile alichokiacha kikaguliwe. Akipitia kisanduku kitupu bila kuandika asikaripiwe. Huenda ameenda kutafuta kitambulisho. Na ujumbe ukishatokea, akirudi kurekebisha, ukaguzi ufuate kila herufi anayoandika, ili ujumbe uondoke mara tu jibu linapokuwa sawa. Ujumbe unaoendelea kukaa pale baada ya kosa kurekebishwa humfanya mtu aharibu kilichokuwa kimeshanyooka.

Vivinjari vina ukaguzi wao wa kuzaliwa nao. Ukiandika `required` kwenye kisanduku, kivinjari kitamzuia mtu kutuma kikiwa kitupu. Ni msaada wa bure, lakini una mipaka. Kiputo cha ujumbe huo huandikwa kwa lugha ya kivinjari, na kwa wengi wetu hiyo ni Kiingereza, hata kama fomu nzima ni ya Kiswahili. Hutokea kosa moja tu kwa wakati, na baada ya muda mfupi hupotea. Waandishi makini humzuia kivinjari kwa neno `novalidate` na kuandika ujumbe wao wenyewe, kwa lugha ya wajazaji, ukabaki pale mpaka kosa liondoke.

Hata hivyo ukaguzi wa kivinjari hauondoi ule wa seva. Kuna mambo ambayo seva peke yake ndiyo inayoyajua, kwa mfano kama barua pepe hiyo imekwisha kusajiliwa. Kuna simu ambazo programu ya ukaguzi haikufika kwa sababu intaneti ilikuwa dhaifu. Na anayetaka kuupita ukaguzi wa kivinjari anaweza, kwa kuwa uko mikononi mwake. Seva ndiyo yenye neno la mwisho, kwa hiyo nayo lazima ijue kurudisha majibu. Irudishe pia makosa yote kwa pamoja. Fomu inayotaja kosa moja, ukirekebisha ikataja la pili, ukirekebisha ikataja la tatu, inamlipisha mtu bando mara tatu kwa jambo ambalo seva ililijua tangu mara ya kwanza.

Kama wewe ni mjazaji na fomu imekufutia, jaribu kwanza kitufe cha kurudi nyuma cha kivinjari kabla ya kuandika upya. Mara nyingi ukurasa uliotangulia bado umehifadhiwa pamoja na ulichoandika. Haifaulu kila mahali, kwa kuwa baadhi ya tovuti huzuia kurasa zao zisihifadhiwe. Maelezo marefu, kama barua ya kueleza kwa nini unaomba nafasi, yaandike kwanza kwenye sehemu ya madokezo ya simu, kisha uyanakili.

Na kama wewe ndiye unayelipa ili tovuti ya shule, saccos au hospitali yako itengenezwe, usiipokee kazi kabla hujaijaribu mwenyewe. Jaza fomu nzima. Jina la ukoo weka Ng'wandu, chagua mkoa ulio katikati ya orodha, bandika namba ya NIDA ikiwa na vistari, ambatisha picha, kisha punguza tarakimu moja kwenye simu na utume. Ukurasa ukirudi, jina liwe Ng'wandu kamili, mkoa uwe uleule, NIDA iwe na tarakimu 20, picha iwe imepokelewa, na chini ya namba ya simu, hapo tu, pawe na maneno yanayosema ni tarakimu ngapi zimepungua. Kikikosekana kimojawapo, mrudishie fundi kazi yake kabla hujamlipa salio.